Matabaka au hatua nyingi? Kuchagua sampuli ya utafiti wa afya shuleni na kuieleza fremu yake

Swali: *Nataka kupima upungufu wa damu kwa wanafunzi wa miaka 10 hadi 14 katika wilaya moja. Orodha niliyopewa ina shule za msingi 84, za mjini na za vijijini. Msimamizi wangu mmoja anasema nitumie sampuli ya matabaka, mwingine anasema sampuli ya hatua nyingi. Nimfuate nani? Na wanaposema "eleza fremu ya sampuli", wanataka niandike nini hasa, zaidi ya kutaja kwamba shule ni 84?*

Jibu:

Wafuate wote wawili, kwa sababu wanajibu maswali mawili tofauti. Matabaka yanajibu swali la nani asikosekane katika sampuli. Hatua nyingi zinajibu swali la namna ya kumfikia mwanafunzi ambaye jina lake huna. Katika utafiti kama wako yote mawili huenda pamoja: unazigawa shule katika matabaka, unachagua baadhi ya shule ndani ya kila tabaka, kisha unachagua baadhi ya wanafunzi ndani ya kila shule uliyoipata. Jina kamili la kuandika ni sampuli ya matabaka yenye hatua mbili, na shule ndiyo klasta.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu ndilo linalochanganya watu wengi. Tabaka na klasta zote ni makundi ya wanafunzi, na ukiyatazama kwenye karatasi yanafanana. Tofauti iko katika unachoyafanyia. Matabaka unayaingia yote, bila kuacha hata moja, na ndani ya kila moja unachukua sehemu. Klasta unaziingia baadhi tu, na zile ulizoziacha zinawakilishwa na ulizozichukua. Shule yenyewe haina asili ya kuwa tabaka wala klasta. Ungekuwa na wilaya yenye shule nne, ukaenda zote nne na kuchagua wanafunzi katika kila moja, shule hapo zingekuwa matabaka, na utafiti wako ungekuwa wa matabaka wa hatua moja. Ukiwa na shule 84 ukaenda 32, shule ni klasta. Mjini na vijijini utaingia kote, kwa hiyo hayo ni matabaka.

Matokeo ya tofauti hiyo yanaonekana kwenye usahihi wa makadirio. Matabaka yakichaguliwa vizuri hupunguza kosa sanifu, kwa kuwa tofauti kati ya mjini na vijijini haiachwi tena kwenye bahati. Klasta huliongeza, kwa kuwa watoto wa shule moja hufanana: wanaishi kwenye eneo moja lenye malaria ya kiwango kimoja, minyoo ya safura ileile, vyakula vinavyokaribiana. Ukishampima wa kumi katika shule hiyo, wa kumi na moja anakuambia machache mapya. Kwa hiyo mtu anayeandika "sampuli ya matabaka" huku amechagua shule 32 kati ya 84 anadai usahihi ambao hana.

Sasa, kwa nini usitumie matabaka peke yake? Hapo ndipo fremu inapoingia, yaani orodha ambayo unachagua sampuli kutoka humo. Sampuli ya hatua moja inahitaji orodha ya wanafunzi wote wa miaka 10 hadi 14 wa wilaya nzima, kila mmoja na umri wake na shule yake, mahali pamoja, siku ya kuchagua. Kama kuna rejesta ya kielektroniki ya namna hiyo na imehuishwa, unaweza kuifikiria. Hata hivyo, tuseme unahitaji wanafunzi 800: ukiwachagua moja kwa moja kutoka orodha hiyo watatawanyika karibu shule zote 84, wengine watatu, wengine kumi na wawili, na timu yenye kipima damu itabidi iende kote huko. Kwa dodoso la kutumwa hilo si kitu. Kwa kuchoma kidole ni gharama isiyobebeka. Ulichonacho mkononi ni orodha ya shule, na majina ya wanafunzi yako kwenye rejesta za madarasa huko shuleni. Orodha mbili, sehemu mbili, hatua mbili. Muundo wa sampuli hufuata fremu iliyopo, ndiyo maana nawasihi watafiti waandike fremu kwanza kabla ya kuutaja muundo.

Usiongeze hatua ambayo fremu haikulazimishi. Naona mara nyingi mapendekezo yanayosema: hatua ya kwanza wilaya ilichaguliwa kwa makusudi, ya pili zilichaguliwa kata nne, ya tatu shule, ya nne madarasa, ya tano wanafunzi. Wilaya iliyochaguliwa kwa makusudi si hatua ya sampuli. Hilo ni eneo la utafiti, na matokeo yanaishia kwenye mipaka yake. Kata nazo hazina kazi kama tayari una orodha ya shule zote za wilaya. Tena zinakuumiza: ukichagua kata nne, uniti zako za kwanza ni nne tu, na digrii za uhuru za kukadiria kosa ni uniti za hatua ya kwanza ukitoa idadi ya matabaka. Kata nne bila matabaka zinakuachia digrii tatu, na kizidishio cha kupata muda wa uhakika wa asilimia 95 kinakuwa 3.18. Shule 32 katika matabaka mawili zinakuachia digrii 30, na kizidishio ni 2.04. Umewapima watoto walewale 800, lakini muda wako wa uhakika umepanuka kwa zaidi ya nusu hata kabla ya kuhesabu kufanana kwa watu wa kata moja.

Matabaka gani, na shule ngapi kila tabaka

Tabaka linalofaa lina sifa mbili: linahusiana na kile unachokipima, na linajulikana kwa kila shule kabla ya kuchagua. Mjini na vijijini vinatosha kama kweli hali ya damu inatofautiana humo. Kama wilaya yako ina bonde lenye maji yaliyotuama na upande mwingine wa milima, huenda bonde na milima vikawa matabaka bora zaidi, kwa sababu malaria na safura hufuata ardhi kuliko mipaka ya mji. Shule za serikali na za binafsi ni mgawanyo unaopendwa, lakini kwa upungufu wa damu uutumie tu kama una sababu. Jinsia haiwezi kuwa tabaka katika hatua ya kwanza kama shule ni za mchanganyiko. Inashughulikiwa shuleni, na nitaeleza namna yake hapo chini.

Tuchukue mfano wenye namba ili hesabu ionekane. Tuseme mjini kuna shule 18 zenye wanafunzi 9,000 wa darasa la nne hadi la saba, na vijijini shule 66 zenye 19,800. Jumla ni 28,800. Unatarajia asilimia 30 wawe na upungufu wa damu, na unataka makadirio yasipotee kwa zaidi ya pointi 5 kila upande. Kanuni ya kawaida inatoa:

n = 1.96² × 0.30 × 0.70 / 0.05² = 323

Hao 323 wangetosha kama ungewachagua moja kwa moja kutoka orodha moja. Wewe unawachagua kupitia shule, hivyo unazidisha kwa athari ya muundo, yaani deff = 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya wanafunzi unaowapima kwa kila shule na ρ ni kiwango cha kufanana ndani ya shule. Tuweke ρ ya 0.05 kwa mfano. Kwako itafute kwenye utafiti wa aina hiyohiyo uliofanyika mazingira yanayofanana, kwa sababu magonjwa yanayotegemea eneo yanaweza kuwa na ρ kubwa zaidi. Ukipima 25 kwa shule, deff ni 2.2, na 323 wanakuwa 711. Ukitarajia mmoja kati ya kumi asipatikane au mzazi asikubali, unagawa kwa 0.9 na kupata 790. Hizo ni shule 32, wanafunzi 800.

Kuna kishawishi cha kusema, basi nipime 50 kwa shule niende shule 16. Fanya hesabu kwanza. Kwa 50, deff inapanda hadi 3.45, wanaohitajika wanakuwa 1,238, na shule zinakuwa 25. Umepunguza safari saba tu na umeongeza vidole zaidi ya 400 vya kuchoma. Ukienda shule 16 kwa wanafunzi 50 kila moja, unabaki na watoto 800 wenye habari ya watoto wachache zaidi ya unavyodhani. Katika sampuli za namna hii, kinachonunua usahihi ni idadi ya shule.

Kuhusu mgawanyo kati ya matabaka, jiulize utasema nini mwishoni. Kama unataka namba moja ya wilaya, gawa kwa uwiano: mjini ina asilimia 31 ya wanafunzi, kwa hiyo shule 10, na vijijini 22. Kama unataka pia kusema mjini peke yake ikoje, angalia kwanza shule 10 zinakupa nini. Wanafunzi 250, ukitoa wasiopatikana ni 225, ukigawa kwa 2.2 ni kama watu 102 wa sampuli rahisi, na kosa linakuwa karibu pointi 9. Ukiambiwa mjini ni asilimia 25, ukweli unaweza kuwa 16 au 34. Ukigawa nusu kwa nusu, shule 16 na 16, kila tabaka linapata kosa la pointi 7. Kwa mjini ni nafuu, kwa vijijini ni hasara kidogo kwa sababu mgawanyo wa uwiano ulikuwa unawapa pointi 6. Mimi ningebaki na uwiano isipokuwa kulinganisha mjini na vijijini liwe lengo lililoandikwa la utafiti. Ukichagua nusu kwa nusu, uzito unakuwa wa lazima: mwanafunzi wa mjini anawakilisha wanafunzi 22.5, wa vijijini 49.5, na wastani wowote utakaoupiga bila uzito utavutwa upande wa mji.

Kuchagua shule kwa ukubwa wake

Shule hazilingani. Ukizichagua kwa kura yenye nafasi sawa, kisha ukachukua watoto 25 kila moja, mtoto wa shule ya watu 150 anakuwa na nafasi kubwa mara nne kuliko wa shule ya watu 600. Dawa yake ni kuipa kila shule nafasi inayolingana na idadi ya wanafunzi wake. Utafiti wa kimataifa wa afya ya wanafunzi unaoratibiwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2003 huchagua shule kwa njia hiyohiyo katika hatua yake ya kwanza, kisha huchagua madarasa mazima. Madarasa mazima yanafaa kwa dodoso linalojazwa kwa pamoja darasani. Kwa damu sikushauri, kwa sababu watoto wa darasa moja mara nyingi ni wa umri unaokaribiana, kwa hiyo kufanana kunaongezeka.

Kazi yenyewe inafanyika tabaka kwa tabaka. Panga shule za mjini kwenye orodha, kila moja na idadi yake, kisha jumlisha ukishuka. Gawa jumla kwa idadi ya shule unazotaka: 9,000 kwa 10 ni 900. Hilo ndilo pengo. Chagua namba nasibu kati ya 1 na 900, tuseme 347, na uongeze 900 kila mara: 347, 1,247, 2,147 na kuendelea. Shule ambayo namba hiyo imeangukia ndani ya fungu lake ndiyo iliyochaguliwa.

| Shule | Wanafunzi | Fungu | Imechaguliwa |
|---|---|---|---|
| A | 620 | 1–620 | ndiyo (347) |
| B | 410 | 621–1,030 | |
| C | 480 | 1,031–1,510 | ndiyo (1,247) |
| D | 390 | 1,511–1,900 | |
| E | 700 | 1,901–2,600 | ndiyo (2,147) |

Shule yenye wanafunzi zaidi ya pengo itachaguliwa kwa vyovyote, na pengine mara mbili. Itoe pembeni, iingize moja kwa moja, na uhesabu pengo upya kwa zilizobaki. Shule yenye watoto chini ya 25 iunganishe na jirani yake iwe kitengo kimoja. Fanya hivyo kabla ya kuvuta namba, si baada ya kugundua kwamba iliyotoka ni ndogo.

Mpangilio wa orodha si jambo la kupuuza. Ukizipanga shule kwa kufuata kata kabla ya kujumlisha, pengo litakutembeza wilaya nzima na hutapata shule tano za kona moja. Hapo kata zimekusaidia bila kuwa hatua ya uteuzi.

Ukifika shuleni

Hapa ndipo swali la umri linapouma. Orodha yako ya shule inahesabu wanafunzi kwa darasa, lakini walengwa wako umewataja kwa umri. Kuna mtoto wa miaka 11 aliyechelewa kuanza na yuko darasa la tatu, na kuna wa miaka 15 darasa la saba. Ukichukua tu darasa la nne hadi la saba, umewaacha waliochelewa, ambao mara nyingi ndio wa familia zenye hali ngumu zaidi. Huwezi kuwaacha hao na bado ukaita utafiti wako wa miaka 10 hadi 14.

Suluhisho ni kutumia idadi ya darasa la nne hadi la saba kama kipimo cha ukubwa wakati wa kuchagua shule, kisha shuleni utengeneze orodha mpya ya wote wenye miaka 10 hadi 14 walioandikishwa, wawe darasa lolote. Kipimo cha ukubwa hakihitaji kuwa sahihi kabisa, mradi namba zote mbili uziandike. Tuseme shule A ilikuwa 620 kwenye orodha, na rejesta zinaonyesha wenye umri huo ni 710. Unachukua 25. Nafasi ya shule kuchaguliwa ilikuwa 10 × 620 / 9,000, sawa na 0.689. Nafasi ya mtoto ndani ya shule ni 25 / 710, sawa na 0.0352. Zizidishe, kisha ugeuze: uzito wa kila mtoto ni 41.2. Kama orodha ingekuwa sahihi ungekuwa 36, sawa kwa kila mtoto wa wilaya. Anayepoteza ile 620 au ile 710 hawezi tena kuupata uzito huo, kwa hiyo fomu ya shule iwe na nafasi ya zote mbili.

Orodha ya shuleni itoke kwenye rejesta ya uandikishaji. Usiitoe kwenye mstari wa watoto waliosimama uwanjani asubuhi hiyo. Mtoto mwenye damu kidogo huchoka, huugua, hukosa shule. Ukichagua kutoka kwa waliohudhuria tu, umeanza kwa kuwaondoa wale unaowatafuta. Ipange kwa darasa, na ndani ya darasa kwa jinsia, kisha chagua kwa pengo: 710 kwa 25 ni 28.4. Anza na namba nasibu, mfano 11.6, halafu 40.0, halafu 68.4, ukipandisha desimali: wa 12, wa 40, wa 69. Mpangilio huo unawagawa wasichana na wavulana na madarasa yote kwa uwiano wao bila kuhitaji tabaka rasmi. Kama unataka makadirio ya kila jinsia peke yake, tenganisha orodha mbili na uchague kutoka kila moja, kisha uzito uhesabiwe kwa kila orodha.

Umri uhakikishe kwa tarehe ya kuzaliwa na si kwa kuuliza tu, kwani kiwango cha hemoglobini cha Shirika la Afya Duniani kinabadilika katikati ya kundi lako: chini ya gramu 115 kwa lita kwa miaka 5 hadi 11, na chini ya 120 kwa miaka 12 hadi 14.

Namba iliyochaguliwa haibadilishwi. Mwalimu mwema atakuambia huyu hayupo leo, mchukue huyu jirani yake. Mshukuru na uandike "hakuwepo", urudi siku nyingine. Ile nyongeza ya kugawa kwa 0.9 iliwekwa kwa ajili hiyo. Wakipatikana 22 kati ya 25, uzito wa shule hiyo unazidishwa kwa 25/22 na kuwa 46.8. Na ukipata shule ambayo wote 25 walikuwepo, wana afya na wamevaa vizuri, uliza ni nani aliyeshika rejesta wakati wa kuchagua.

Fremu inavyoelezwa

"Shule ni 84" ni idadi tu, na msomaji hajaambiwa lolote kuhusu orodha yenyewe. Anataka kujua orodha hiyo ilitoka kwa nani, ni ya tarehe gani, ndani yake kuna taarifa gani za kila shule, ulikuta kasoro zipi ukazifanyia nini, na ni watoto gani wa eneo hilo hawakuwa na nafasi yoyote ya kuchaguliwa. Tena kila hatua ina fremu yake, kwa hiyo unaeleza mbili.

Kabla ya kuandika, isafishe. Chukua orodha ya ofisi ya elimu uilinganishe na nyingine isiyotokana nayo, kwa mfano ya timu ya afya inayozungukia shule kugawa dawa za minyoo. Mara nyingi utakuta vitu vinne: shule iliyoandikwa mara mbili kwa jina la zamani na jipya, shule iliyofungwa, shule mpya ambayo haijaingia, na shule changa zinazoishia madarasa ya chini. Tuseme kati ya majina 84 moja limejirudia na moja ni la shule iliyofungwa, zimebaki 82. Orodha ya pili inakuongezea nne za binafsi, zinakuwa 86. Mbili kati ya hizo zinaishia darasa la tatu, kwa hiyo kipimo chao cha ukubwa ni sifuri ingawa huenda zina mtoto wa miaka 10 aliyechelewa. Unaunganisha kila moja na jirani yake, na vitengo vya kuchaguliwa vinakuwa 84. Idadi imerudi ileile lakini shule si zilezile, na asingeweza kulijua hilo mtu aliyesoma "shule ni 84".

Aya yako inaweza kusomeka hivi:

"Walengwa ni wanafunzi wote wenye umri wa miaka 10 hadi 14 walioandikishwa katika shule za msingi za wilaya, za serikali na za binafsi. Fremu ya hatua ya kwanza ilikuwa orodha ya shule ya ofisi ya elimu ya wilaya yenye takwimu za uandikishaji za mwezi Machi mwaka wa utafiti, ikionyesha jina, namba ya usajili, kata, umiliki na idadi ya wanafunzi kwa darasa. Ililinganishwa na orodha ya huduma za afya shuleni. Kati ya majina 84, moja lilijirudia na shule moja ilikuwa imefungwa. Shule nne ambazo hazikuwemo ziliongezwa, na idadi ya wanafunzi wake ilipatikana kwa walimu wakuu. Shule mbili zinazoishia darasa la tatu ziliunganishwa na shule jirani. Fremu ya mwisho ilikuwa na vitengo 84: 18 vya mjini vyenye wanafunzi 9,000 wa darasa la nne hadi la saba, na 66 vya vijijini vyenye 19,800. Fremu ya hatua ya pili ilikuwa orodha ya wanafunzi wenye umri lengwa iliyotengenezwa na timu ya utafiti kutoka rejesta za uandikishaji za madarasa yote siku ya kwanza ya kufika shuleni. Watoto wa umri huo wasiosoma, na wanaosoma katika vituo visivyosajiliwa, hawakuwa kwenye fremu."

Sentensi ya mwisho watu huiogopa, wakidhani inaushusha utafiti. Kinyume chake, ndiyo inayomwonyesha msomaji kwamba unajua matokeo yako yanaishia wapi. Baada yake usiandike tena popote "watoto wa wilaya hii". Andika "wanafunzi". Kama kuna shule uliyoiacha kwa kusudi, labda haifikiki, itaje kwa tabaka pamoja na idadi ya wanafunzi wake na asilimia yao ya wote, kwa sababu shule moja ndogo na shule tatu kubwa haziachi pengo sawa.

Uchambuzi ukubaliane na uteuzi

Muundo ulioandika kwenye mbinu lazima uonekane kwenye hesabu. Katika R inakuwa hivi:

```
library(survey)
d <- svydesign(ids = ~shule, strata = ~tabaka,
               weights = ~uzito, data = damu, nest = TRUE)
svymean(~anemia, d, deff = TRUE)
```

`anemia` iwe 0 au 1, na `shule` iwe kitengo kilichochaguliwa, hata kama kina shule mbili zilizounganishwa. Kila tabaka liwe na vitengo viwili au zaidi, la sivyo programu haitaweza kukadiria tofauti ndani yake.

Ukiacha mistari hiyo na kupiga asilimia ya kawaida kwa watoto 720 waliopatikana, utaandika 30 kwa kosa la pointi 3.3, wakati kosa la kweli kwa mfano wetu ni karibu 5. Mtahini anayejua atakuuliza swali hilo kwanza. Tazama pia deff inayotoka. Ikiwa karibu na 2.2, makisio yako ya ρ yalikuwa mazuri. Ikiwa 4 au 5, shule zinatofautiana kuliko ulivyodhani: orodhesha asilimia ya kila shule, na uangalie kama zilizo juu ziko eneo moja, au kama zote zilipimwa na kipimo kimoja au mpimaji mmoja. Ikiwa chini ya 1 katika sampuli ya klasta, kagua kwanza kama safu ya `shule` haikuwekwa namba ya mwanafunzi kwa bahati mbaya.

Iandike deff hiyo kwenye matokeo pamoja na idadi ya shule zilizokataa na wanafunzi wasiopatikana kwa kila tabaka. Mtafiti atakayekuja kupima damu katika wilaya jirani ataitumia kupanga sampuli yake, kama wewe ulivyolazimika kutafuta ya mwingine.